Kipindi cha mapigo ya moyo darasa la tano: karibu nusu ya muda iende kwenye kutafuta mshipa na kuhesabu

"Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha sayansi darasa la 5, nina watoto 68 na saa moja tu ya ukutani. Mwaka jana nilifanya lile zoezi la watoto kujipima mapigo ya moyo, kwanza wakiwa wametulia alafu baada ya kukimbia. Ilikuwa vurugu tupu, wengine wanasema hawana mapigo, mmoja kaandika 44 mwingine 176, wengi wakaandika 60 kamili. Mwisho nikawaandikia majibu ubaoni wakakopi. Naomba andalio la somo ambalo kweli linafanya kazi, dakika 80 ninazo."

Marahaba mwalimu. Hizo namba ulizoziandika nimezipenda sana, maana kila moja inasema kilichoharibika ni nini, na tutarudi kwake huko chini. Kwanza nikwambie kitu kimoja ambacho andalio lote hapa limejengwa juu yake: walimu wengi wanatumia dakika 5 kuonyesha mshipa na dakika 40 kukimbizana uwanjani. Geuza. Zoezi la mwili lenyewe ni dakika moja tu. Kinachokula muda ni mtoto kuupata mshipa wake, kuamini kwamba anachokisikia ni mapigo kweli, na kuhesabu bila kupotea. Mtoto akishaweza hayo akiwa ametulia, baada ya kukimbia ni rahisi kwake kwasababu mapigo yanakuwa na nguvu zaidi. Akiwa hajaweza, hata umkimbize mpaka jioni ataandika namba ya jirani yake.

Tuanze na siku kabla ya kipindi. Kaa na mwalimu wa darasa au mwalimu wa afya, mwulize kimyakimya watoto gani wana pumu, sikoseli, tatizo la moyo, au wametoka kuumwa malaria juzijuzi. Hao hawakimbii, na usiwatangaze mbele ya wenzao, wape tu kazi ya kuangalia saa au kukusanya namba ubaoni, kazi ambazo watoto wanazigombania. Mapigo yao ya kupumzika wanapima kama wengine wote. Kama ni mwezi wa Ramadhani na kuna wanaofunga, au ni shule ambayo watoto wengi wanakuja bila kula na hakuna uji, basi badala ya kukimbia tumia kusimama na kukaa kwenye dawati mara 15, itatosha kabisa kuonyesha tofauti. Alafu omba kipindi cha asubuhi. Saa sita mchana na jua lile, mtoto anaingia darasani mapigo tayari yako juu. Na kamwe usikiweke mara tu baada ya mapumziko ya kucheza, hutapata mapigo ya mtu aliyetulia hata moja.

Vifaa ni vichache. Saa yako ya ukutani yenye mshale wa sekunde au simu yako, kalamu ya wino kwa kila mtoto, daftari, kipande kidogo cha udongo laini wa kufinyanga, na njiti chache za chelewa kutoka kwenye fagio. Kama kuna mwalimu anasoma hapa na saa hana kabisa, funga jiwe kwenye uzi, kutoka pale uzi ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe iwe karibu mita 1, liache libembee taratibu kwa hatua fupi. Kila linapovuka kwenda upande mmoja ni karibu sekunde 1 kamili, kwahiyo mivuko 15 ni sekunde 15. Inafanya kazi vizuri tu.

Sasa darasani. Dakika 10 za kwanza watoto wakae, wasiinuke tena. Hapo ndo unafanya utangulizi, na wakati huohuo miili yao inatulia bila wao kujua. Waulize tu: unajuaje kwamba moyo wako unafanya kazi sahivi? Waache waseme. Watasema nasikia kifuani, watasema nikikimbia unadunda, mwingine atasema moyo uko kushoto kabisa (uko katikati, umeegemea kushoto kidogo, msahihishe bila kukaa sana hapo). Alafu uliza la pili: kama moyo uko kifuani, kwanini kitu kidunde mkononi? Usilijibu. Liache likae, tutalijibu wakishasikia wenyewe kwa vidole vyao.

Kisha mwite mtoto mmoja mbele, alaze mkono mezani kiganja juu. Chukua kipande cha udongo kidogo kama punje ya hindi, chomeka njiti ya chelewa yenye urefu wa kama shibiri moja, weka udongo juu ya mshipa pale chini ya kidole gumba. Ukipatia sehemu, ile njiti inaanza kutikisika taratibu, tiki, tiki, tiki, na ncha yake inaonekana hata kwa mtoto wa dawati la pili. Wagawe makundi wapite kuangalia. Njiti iwe ndefu na nyembamba, maana urefu ndo unakuza mwendo mdogo sana wa ngozi uonekane, ukitumia kijiti kizito kinalala tu. Na udongo usiwe mkubwa. Kwa watoto waliokuwa wanabisha kwamba hawana mapigo hii inamaliza ubishi, kwasababu wameona kwa macho kabla hawajaambiwa wahisi.

Hapo sasa ndo unaingia kwenye dakika 25 za kutafuta mshipa, na nakuomba usizikate. Waambie hivi kwa mpangilio, na wewe ukifanya mbele yao. Mkono wa kushoto ulale kwenye dawati, kiganja kitazame juu, kifundo kikunjwe kidogo sana kwenda nyuma, yaani vidole vishuke chini kidogo. Mkono wa kulia uje na vidole viwili au vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete. Kidole gumba hakitumiki, kwasababu kina mshipa wake unaodunda na mtoto anaweza kuhesabu mapigo ya gumba badala ya ya mkononi. Anza kwenye shina la kidole gumba cha mkono wa kushoto, shuka kuelekea kwenye kiwiko kama upana wa vidole viwili. Upande wa nje utasikia mfupa. Upande wa katikati ya mkono utasikia kamba ngumu, ile ni kano. Kati ya mfupa na kano kuna kabonde. Mshipa uko kwenye hako kabonde.

Wengi wanaokosa, kati ya hao wa kwako waliosema hawana mapigo, wamefanya moja ya makosa mawili. La kwanza wameweka vidole katikati ya kifundo, juu ya zile kano, ambako hakuna kitu cha kusikia kirahisi. La pili, na hili ni kubwa zaidi, wanakandamiza. Mtoto akiambiwa tafuta anasukuma kwa nguvu zote, na akisukuma anaubana mshipa, damu haipiti pale, mapigo yanapotea. Wafundishe kubonyeza mpaka mapigo yapotee alafu waachie polepole, polepole, mpaka yarudi. Pale yanaporudi ndo nguvu sahihi. Na wakae hapo bila kusogeza kidole kwa sekunde kama 10, maana mtoto anayehamisha vidole kila sekunde mbili hawezi kusikia kitu hata kama amepita juu ya mshipa mara tano.

Akishapata, hapohapo aweke alama ya nukta kwa kalamu ya wino. Usiione ndogo. Baada ya kukimbia atakuwa anahema, ana jasho, ana haraka, na kila sekunde anayotafuta mshipa moyo unashuka. Ile nukta inamwambia vidole viende wapi moja kwa moja.

Ambaye baada ya dakika kama 10 bado hajapata kwenye mkono wa kushoto, ajaribu wa kulia, mishipa ya watu haijapita mahali palepale na wengine ni wazi zaidi upande mmoja. Mikono ikiwa ya baridi aisugue kwanza. Ikishindikana aende shingoni, pembeni ya koromeo chini ya taya, upande mmoja tu na kwa kugusa kidogo sana. Hapo shingoni usiwaache wacheze. Kukandamiza pande zote mbili kwa pamoja kunazuia damu ya kwenda kichwani, na hata upande mmoja ukikandamizwa sana unaweza kuupunguza mwendo wa moyo, kwasababu pale kuna sehemu inayopima msukumo wa damu na kuupa mwili taarifa. Kwahiyo mtu anapima mapigo huku anayabadilisha. Ndo maana mi napenda mkono kwanza, shingo iwe ya mwisho na wewe ukiwa umesimama pale.

Sasa utajuaje mtoto amepata kweli na hajakuambia tu ndio mwalimu? Hapa kuna njia nzuri. Wawe wawiliwawili. Mwenye mapigo anashika mshipa wake wa mkono wa kushoto, mwenzake anashika mshipa wa mkono huohuo, kidogo tu juu kuelekea kiwiko kama nafasi inatosha, au anaugusa ule wa shingoni kwa upole ukiruhusu. Wote wawili wanatikisa kichwa kila pigo likija. Vichwa vikienda pamoja, wamepata wote. Vikipishana, kuna mmoja anadanganya au anasikia mapigo yake mwenyewe. Unasimama mbele unaangalia vichwa vya darasa zima kwa dakika moja, unajua nani bado. Kwa watoto 68 huna njia ya kumkagua kila mmoja kwa kumshika mkono, hii inakuokoa.

Na hapo jibu lile swali la mwanzo. Kila moyo unapojikaza unasukuma damu kwa nguvu kwenye mishipa mikubwa, kuta za mishipa zinatanuka kidogo alafu zinarudi, na ule mtanuko unasafiri kama wimbi mpaka mkononi. Ndo kile wanachokisikia. Kwahiyo pigo moja mkononi ni pigo moja la moyo. Waambie hivyo tu, inatosha kwa umri wao.

Sasa kuhesabu. Tumia sekunde 15 alafu wazidishe kwa 4. Sekunde 60 zinachosha, watoto wanapotea katikati, na baada ya kukimbia zina tatizo lingine nitalieleza. Sekunde 10 ni fupi mno, ukikosea pigo moja umekosea 6 kwa dakika. Kwenye 15 ukikosea moja umekosea 4. Andika jedwali la kuzidisha pembeni ya ubao kabla ya kipindi, 15 ni 60, 16 ni 64, mpaka 45 ambayo ni 180, ili somo lisigeuke hesabu.

Wewe au mtunza saa mnasema neno mbili tu: ANZA na SIMAMA. Katikati kimya kabisa. Usihesabu sekunde kwa sauti, na kama saa yako ya ukutani inalia tik tik kwa nguvu iweke mbali. Mwalimu, zile 60 zako kamili zimetoka hapa. Mtoto ambaye hasikii mapigo vizuri akisikia moja, mbili, tatu ya mwalimu au mlio wa saa, anahesabu hiyo. Sekunde 15 zinampa 15, mara 4 ni 60. Darasa likijaa 60 usifurahi kwamba wanafanana, jua wamehesabu saa.

Pigo la kwanza baada ya neno ANZA ni moja. Wapime mara tatu wakiwa wamekaa vilevile, na kila mara mwenzake ndo anaandika, maana mwenye kuhesabu akiwa na kalamu mkononi hana vidole vya kushika mshipa. Mara ya kwanza kwa wengi ni ya mazoezi, namba zikiwa ovyo usizichukue serious. Ya pili na ya tatu zitaanza kukaribiana.

Ukizunguka kuangalia daftari, hapa ndo tunarudi kwenye namba zako. Tuseme kwenye mstari mmoja wa madawati umekuta 60, 88, 90, 176, 44 na 92. Hiyo 60 nimeshasema, muulize alihesabu ngapi, akikwambia 15 mwambie aanze upya akiwa mbali na saa. 90 haiwezekani kabisa, kwasababu kitu chochote ukikizidisha kwa 4 lazima kigawanyike kwa 4, na 90 haigawanyiki. Kwahiyo ama amekosea kuzidisha ama ameitunga. Hiki kipimo ni kizuri sana, unapita tu unaangalia tarakimu na unajua bila kurudia kupima. 44 mara nyingi ni 22 iliyozidishwa kwa 2, yaani mapigo yamehesabiwa sawa, hesabu ndo imekosewa, muulize namba ya kwanza kabla ya kuzidisha. Na 176 akiwa amekaa tu? Gawa kwa 4 unapata 44, ambayo ni 22 mara mbili. Huyo anahesabu kila pigo mara mbili. Inatokea hasa kwa watoto wanaoweka mkono au sikio kifuani, kwasababu moyo una sauti mbili kwa kila pigo, dup-dap, na wao wanahesabu zote. Mwambie dup-dap ni moja, au mrudishe mkononi ambako linakuja moja tu. Ndo maana nasema waandike siku zote namba zote mbili, ile waliyohesabu na ile waliyozidisha. Ukiona jibu la mwisho peke yake huwezi kujua kosa limeingia wapi.

Watoto wa miaka 10 mpaka 12 wakiwa macho na wametulia, wengi watakuwa kati ya 70 na 110 kwa dakika, yaani watahesabu kama 17 mpaka 28 kwa sekunde 15. Wapo watakaotoka kidogo nje ya hapo na ni wazima. Watu wazima huwa chini, 60 mpaka 100, kwahiyo usishangae ukijipima mwenyewe mbele yao ukawa na namba ndogo kuliko darasa zima, na ni swali zuri la kuwauliza. Kuna mtoto atakwambia mwalimu yangu hayaendi sawasawa, mara haraka mara taratibu. Mwambie avute pumzi polepole na aitoe polepole huku ameshika mshipa. Kwa watoto wengi mapigo yanaongeza mwendo kidogo wakivuta hewa na kupunguza wakiitoa, ni kawaida kabisa, na ni ugunduzi mzuri ameufanya mwenyewe.

Mtoto ambaye amepimwa vizuri, ametulia, na bado yuko juu ya 120, mrudie baada ya dakika 10. Homa inapandisha mapigo, upungufu wa damu pia, hata woga tu. Ikibaki hivyo, ongea na mzazi pembeni baada ya masomo, mwambie ni vizuri aende kituo cha afya kupimwa. Darasani usiseme kitu.

Zoezi lenyewe sasa. Toka nje chini ya mti, kivulini, watoto wamekaa kwa jozi. Kila jozi mmoja anakimbia mmoja anaandika, alafu wanabadilishana, kwahiyo kwa mara moja una wakimbiaji 34 tu na si 68. Kukimbia ni papo hapo walipo, bila kwenda mbele, kwa dakika 1, wewe unapiga makofi na miguu inafuata makofi. Makofi ndo yanafanya zoezi liwe sawa kwa wote, bila hivyo mmoja anakimbia kama amefukuzwa na nyoka na mwingine anatembea, alafu mnalinganisha nini? Sipendi ile ya kuruka kwa kutanua miguu, watoto wa kike wenye sketi wanaona aibu na wanaifanya nusunusu. Waambie kabisa kabla: anayehisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kumkata anakaa chini, hakuna anayeshinda.

Ukisema acheni, wanakaa palepale, vidole kwenye nukta. Unawapa sekunde 5 hivi, alafu ANZA. Wakae kwasababu na mwanzo walipima wamekaa, kusimama peke yake kunaongeza mapigo hata bila kukimbia, ukipima mwanzo umekaa na mwisho umesimama hujui kilichoongeza ni mbio au ni kusimama. Na uharaka ni lazima. Moyo wa mtoto unashuka haraka sana dakika ile ya kwanza, hapo ndo sababu ya kutohesabu sekunde 60, kwasababu mpaka umalize dakika nzima unakuwa umechanganya mapigo ya mbio na mapigo ya kupumzika, unapata namba ya katikati ambayo haikuwa ya wakati wowote.

Wapime tena ikifika dakika 1 tangu waache, dakika 2, na dakika 3. Wewe una saa, unasema ANZA na SIMAMA kwa wote. Alafu jozi zinabadilishana.

Twende na mfano wa mtoto mmoja ili uone namba zinavyosomwa, hizi ni za mfano lakini ndo sura utakayoipata. Ametulia amehesabu 22, 23, 22. Kwa dakika ni 88, 92, 88. Waulize darasa, je moyo wake ulibadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili? Wengi watasema ndio, umeongezeka kwa 4. Hapo simama kabisa, usipite haraka. Hiyo 4 ni pigo moja tu, lililoangukia kabla au baada ya kusema SIMAMA. Kipimo chetu hakiwezi kuona tofauti ndogo kuliko pigo moja, kwahiyo 88 na 92 kwetu sisi ni kitu kilekile. Tunachukua 88 iliyojirudia kuwa mapigo yake ya kupumzika.

Baada ya kukimbia kahesabu 35, ni 140. Tofauti na 88 ni 52, yaani mapigo 13 zaidi ndani ya sekunde 15. Hiyo haiwezi kuwa kosa la kuhesabu. Dakika 1 baadaye kahesabu 27, ni 108. Dakika 2 kahesabu 25, ni 100. Dakika 3 kahesabu 23, ni 92. Uliza: je ameshatulia? 92 na 88 zimepishana pigo moja, na tulishakubaliana pigo moja hatuliamini, kwahiyo kwa kipimo chetu amesharudi. Mtoto wa darasa la 5 akiweza kusema sentensi hiyo kwa maneno yake, somo limeingia, hata kama grafu yake imepinda.

Wengi baada ya dakika moja ya kukimbia hivyo watahesabu kati ya 30 na 42. Ukikuta mtoto ambaye hajaongezeka kabisa, au kaongezeka pigo moja mbili, kabla ya kufikiria moyo wake fikiria mambo mawili, alichelewa kuupata mshipa au hakukimbia. Muulize mwenzake, wanasema ukweli haraka sana. Mrudishe akimbie tena peke yake dakika 1 wakati wengine wanazidisha.

Kurudi darasani wachore. Kila mtoto nguzo tano kwenye daftari lake: kutulia, mara baada ya mbio, dakika 1, 2, 3. Mraba mmoja wa daftari la hesabu uwe mapigo 10, inatosha ukurasa. Ubaoni chukua wale watano sita wa mbele tu, ukijaribu kuandika 68 kipindi kimeisha.

Alafu uliza kwanini. Misuli ya miguu inapofanya kazi zaidi inataka oksijeni na sukari zaidi, na inatoa kabonidayoksaidi na joto zaidi, vyote hivyo vinabebwa na damu, kwahiyo moyo unasukuma mara nyingi zaidi kwa dakika, na pia kila msukumo unatoa damu nyingi zaidi. Waambie wakumbuke walivyosikia, mapigo baada ya mbio yalikuwa ya haraka NA yenye nguvu. Wengi watakuwa wameona. Kuna wazo moja utalikuta karibu kila darasa, kwamba moyo unaenda mbio kwasababu mwili unatikisika. Lijaribu, mwambie mtoto mmoja akae aminyie mpira wa matambara au nguo iliyokunjwa kwa mikono yote miwili kwa nguvu dakika nzima, hatikisiki, na mapigo yatapanda kiasi. Na swali zuri la kufuatia: kwanini mapigo hayakushuka palepale walipoacha kukimbia? Kwasababu misuli bado ina deni la oksijeni, bado wanahema, bado joto liko. Wanapohema na mapigo yako juu, ikitulia moja na nyingine inatulia, hilo wanaliona wenyewe.

Usiwape nafasi ya kushindana nani ana moyo mzuri. Watalijaribu, ni watoto. Mapigo ya kupumzika yanatofautiana mtu na mtu hata kama wote ni wazima, kwahiyo kila mmoja analinganishwa na yeye mwenyewe kabla na baada. Kama unataka kulinganisha watoto wawili, linganisha wameongezeka kwa ngapi, na wakumbushe kwamba huenda mmoja alifuata makofi kuliko mwingine.

Kwenye fomu ya andalio, zile dakika 10 za kukaa na swali la moyo ni utangulizi, kutafuta mshipa na kuhesabu dakika 35 ni maarifa mapya, mbio na vipimo vyake dakika 20 ni kuimarisha, zinabaki 15 za kuchora, kueleza kwanini na tathmini. Ukiona muda unakubana kata kwenye grafu, wamalizie nyumbani, usikate kwenye kutafuta mshipa.

Tathmini usiwaulize mapigo ya moyo ni nini, watakariri. Waandikie ubaoni: mtoto alihesabu 21 akiwa ametulia, 22 baada ya kunywa maji, 36 baada ya kukimbia, na mwingine kaandika tu 74 kwa dakika kutoka kwenye sekunde 15. Maji yamebadilisha mapigo yake? Mbio je? Na ile 74 ina tatizo gani? Kazi ya nyumbani wampime bibi au babu, au mama, na mdogo wao, wote wakiwa wamekaa kwa dakika 5 kwanza, kesho waje na namba zote mbili, iliyohesabiwa na iliyozidishwa. Mtoto mdogo wa miaka 3 au 4 atakuwa juu kuliko wao na mtu mzima atakuwa chini, na hapo una mwanzo wa kipindi kinachofuata bila kuandaa kifaa chochote.